Maneno ya kufungulia maonyesho ya picha za wazee wetu, Kigoma

Mwakeye wazee wangu, mwakeye mama zangu. Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo. Kabla sijasema lolote, vijana mliokaa mbele naombeni muwapishe bibi zetu viti, kuna waliotoka Ujiji na Kibirizi tangu alfajiri na leo ni siku yao, sisi wengine ni wageni tu humu ndani.

Sitaongea sana. Wengi mnajua hizi picha zimetoka wapi, ila niseme kwa ajili ya wale ambao ndo wanafika leo. Babu yangu alikuwa fundi picha pale Mwanga, studio yake ilikuwa chumba kimoja na pazia la bluu, na alipofariki tukakuta chini ya kitanda debe la mafuta limejaa negativu, zimefungwa kwenye karatasi za magazeti. Kila moja ameikwaruza namba pembeni. Na majina aliyaandika kwenye daftari, daftari lenyewe mchwa walishamaliza, limebaki jalada tu. Kwahiyo tukawa na namba. Namba 12 mwanaume kavaa kofia, namba 31 mama na watoto wawili, namba 40 vijana watatu wamekumbatiana. Mi nilizisafisha hizo picha usiku na usiku na nikawa najisikia vibaya, manake unamwangalia mtu machoni kabisa, unaona mpaka kifungo cha shati kimekatika, afu huwezi kumwita.

Tuchukue ile picha kubwa ya pale katikati, ya baharia kashika kamba gatini. Nyuma yake ni Liemba. Sasa ile meli kila mtu Kigoma anaijua historia yake, ilikuja vipande vipande kwa reli wakaiunga hapa hapa, ikashushwa majini 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiinua 1924, 1927 ikarudi kazini na jina hili la Liemba. Mtoto wa shule anakutajia yote hayo. Chuma kina jina la kwanza na jina la pili na miaka yake yote imeandikwa, na huyu mtu aliyekuwa anakifunga kamba kila kinapotia nanga, hakuna popote palipoandikwa anaitwa nani. Hilo ndo lililotutoa nyumbani tukaanza kupita mlango kwa mlango na bahasha ya picha.

Na hapa ndo nataka kuwashukuru, na nawashukuru kwa vitu nilivyoviona kwa macho yangu.

Nashukuru yule mama wa Katonga aliyekuwa anaanika dagaa, tukamwonyesha picha, hakuangalia sura kabisa, akaangalia mkono, akasema hiki kidole kilikatwa na waya wa wavu, huyu ni kaka yangu. Akaomba akae kidogo. Tukakaa nae pale mchangani mpaka jua likawa kali.

Nashukuru yule mzee wetu wa Gungu ambaye macho yake hayaoni tena. Sisi kwa kweli tulitaka kumruka, tuliona tutamsumbua, yeye ndo akatuita. Akamwambia mjukuu wake nisomee hiyo picha. Mtoto akaanza, babu kuna mtu amesimama, mguu mmoja mbele, mkono kiunoni, ana funguo nyingi kwenye mkanda, kofia kailaza kushoto. Mzee akamtaja pale pale jina lake na la baba yake na nyumba aliyokuwa amepanga. Afu akatuambia na kofia yenyewe, kwamba kama ina beji ya reli ya Afrika Mashariki basi picha ni ya kabla ya 1977, kabla Jumuiya haijavunjika na reli kugawanywa. Beji ipo, nendeni mkaiangalie, namba 12. Sisi wenye macho tulikuwa tumeandika miaka ya themanini.

Na nashukuru sana sana familia zilizotusahihisha, hata zile zilizokuja juu. Kuna dada yupo humu ndani, alipoona tumeandika chini ya picha ya marehemu baba yake kwamba ni kuli wa stesheni, alikaa kimya muda mrefu afu akasema baba yangu alikuwa karani wa mizigo, alikuwa anaandika kila gunia linalopanda behewa kwenda Dar, na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Dada, tulikosea. Tuliona nguo zimechakaa tukajiamulia wenyewe. Tumeandika upya na naomba leo uikague kabla hujaondoka, kama bado kuna kitu hakijakaa sawa tunarekebisha hapa hapa.

Kuna picha moja familia mbili zilimdai mtu mmoja. Hawa wanasema ni babu yetu, hawa nao wanasema ni wetu. Wiki tatu tukawa tunaenda na kurudi, mpaka bibi mmoja akasema hebu tuleteni pamoja, tukawakutanisha uani kwake, wakapika migebuka na ugali wa muhogo, wakaongea weee, na kumbe wote wako sahihi, mzee alikuwa na nyumba mbili, moja Ujiji na moja ng'ambo ya Bangwe. Leo wamekaa mstari mmoja. Nawaona. Ahsanteni.

Mtaona pia ukutani upande wa mlangoni kuna msumari hauna picha. Sio kwamba imeanguka. Familia ilimtambua mtu wao, wakatuambia jina, halafu wakaomba asitundikwe, na sababu wametupa na itabaki kwetu. Picha tumewakabidhi pamoja na negativu yake. Kusaidia kutaja jina sio lazima uwe umekubali mtu wako aangaliwe na kila mpita njia, na nawashukuru kwa kutuamini kiasi hicho.

Kwahiyo picha zilizotundikwa ni 58. Waliopata majina ni 49, na hao wote mmetuambia wametangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu. Wale 9 waliobaki tumewaweka ukuta wa peke yao kule nyuma, hatukuwachanganya na marehemu kwa sababu inawezekana kabisa mwingine yuko hai, yuko Kasulu au Kalemie huko anakunywa chai yake. Wazee, pale ndo tunawaomba mpite taratibu. Msiogope kwamba hamna uhakika. Sema tu huyu anafanana na watu wa fulani, yule kijana mwenye daftari atakuandika, sisi tutafuata wenyewe. Kanga, kovu, pengo, namna ya kusimama, chochote.

Majina mi sitayasoma. Nilipewa karatasi niyasome, nikaona siwezi kusoma jina ambalo wenyewe wamelitaja kwangu wakiwa na machozi, afu mimi nisiyewahi hata kumwona huyo mtu nilitamke kwenye spika. Kila familia itamsoma wa kwake kwa jina alilokuwa anaitwa nyumbani, na kama nyumbani alikuwa anaitwa jina la utani, lisomwe hilo hilo.

Tunaanza na baharia wa Liemba. Bibi, mkewe, yuko hapa mbele na wajukuu. Kijana mshike mkono taratibu, hapo kuna ngazi. Bibi shikamoo, karibu, maiki hii hapa, tunakusikiliza.