Shajara ya tafakari: baada ya kuvuka mpaka wa usiri

Ijumaa, jioni.

Jina la mtu niliyempa ushauri nasaha leo halimo humu, wala herufi yake ya kwanza, maana herufi moja ikikutana na tukio lenyewe inamtosha mtu anayemjua. Namwita Mteja. Umri na shule nimeviacha, na mambo mawili madogo nimeyageuza kwa makusudi. Maneno yaliyosemwa, saa, hatua zilizochukuliwa na nani aliarifiwa viko kwenye faili, na huko ndiko mahali pake. Daftari hili ni la kujichunguza mimi. Hata hivyo mahakama inaweza kuliitisha siku moja, kwa hiyo siandiki humu neno ambalo ningeona haya kulisoma mbele ya Mteja.

Kwa ufupi: Mteja bado ni mtoto kisheria. Leo amenieleza kwamba anaumizwa na mtu mzima anayeishi naye. Siku ya kwanza kabisa nilimweleza mipaka ya usiri: tunayozungumza yanabaki kati yetu, isipokuwa maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini, au mtoto akidhuriwa. Aliitikia, kama watoto wanavyoitikia jambo wanaloliona haliwahusu. Leo alipomaliza kueleza akaongeza, "Ila usimwambie mtu." Nikamkumbusha tulichokubaliana. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe na wewe ni walewale."

Niliripoti. Kabla ya kupiga simu nilimwambia nitasema nini na nitamwambia nani, nikampa nafasi ya kuchagua: abaki chumbani akisikia au akae nje na mwenzangu. Akabaki. Hakunitazama hata mara moja.

Uamuzi wenyewe haunisumbui. Kinachonisumbua ni hamu niliyokuwa nayo mara tu mlango ulipofungwa: nilitaka kumfuata nimweleze tena, vizuri zaidi, hadi akubali kwamba nilikuwa upande wake. Sikumfuata. Lakini hamu hiyo ilinikaa hadi nafika nyumbani, na nadhani ndiyo yenye la kunifundisha.

Freud aliandika mwaka 1910 kuhusu hisia ambazo mgonjwa huzizusha ndani ya tabibu, akaziona kikwazo ambacho tabibu hana budi kukishinda. Mwaka 1950 Paula Heimann, mchambuzi wa nafsi kama Freud, akasema kinyume: hisia hizo ni chombo cha kumsikilizia mgonjwa. Mimi niko na Heimann, kwa tahadhari. Nikiiuliza hamu yangu inasema nini kuhusu Mteja, napata hivi: huyu ni mtoto aliyezoeshwa kuwatuliza watu wazima. Humo ndimo ukimya wake ulimotoka. Anayemuumiza anamtaka amwonee huruma, amfichie, amfanye ajisikie mtu mwema. Kama nami ningemfuata kutafuta msamaha wake, ningemwongezea mzigo wa mtu mzima mwingine. Kusamehewa ni haja yangu. Yeye hanidai wala sina la kumdai.

Kuna tafsiri nyingine inayonivutia: kwamba amenikasirikia mimi kwa sababu kwangu ni salama kukasirika, na kule si salama. Huenda ni kweli. Lakini ninaishuku kwa sababu inanifariji upesi mno. Inawezekana pia amekasirika tu kwa kuwa aliomba kitu na hakupewa, na hasira hiyo haihitaji maana nyingine.

Mwili: mabega yamekaza, chakula sikukitamani. Picha moja katika maelezo yake inanirudia. Siiandiki. Nikiiandika nitakuwa nimemweka wazi mara ya pili, na mimi nitakuwa nimeichonga akilini mwangu. Nyumbani nimeulizwa mbona kimya; nikajibu kazi leo ilikuwa nzito, tukaishia hapo. Huo ni upweke wa kazi hii ambao mafunzo huupitia harakaharaka. Mwenzangu wa ofisini angenisikiliza, ila hata nikificha jina angejua ni nani kwa kuangalia ratiba ya leo. Kwa hiyo jambo hili linamsubiri msimamizi wangu, Jumatatu.

Ya kumpelekea msimamizi: hiyo hamu, na kama inanijia kwa wateja wote au kwa watoto tu (nahisi ni watoto). Ile picha, nikiwa bado ninaiona. Na Mteja asipokuja kikao kijacho: nani atamfikia, kwa njia gani, bila mtu wa nyumbani kujua sababu.

Akija Jumatano, sitaanza kwa kujitetea. Nitamwambia hasira yake ni halali na simtaki aiondoe. Kisha nitamweleza ripoti imefika wapi, na lipi bado halijajulikana, hata kama ni machache, kwa sababu mambo yake yamekwisha kuamuliwa sana asipokuwepo. Halafu nitamwachia yeye achague tuzungumze nini, au tusizungumze.