Kalenda ya chanjo na minyoo, Oktoba 2025 hadi Septemba 2026: zizi la Baba Mdogo, Kongwa

Shikamoo baba mdogo. Ile picha ya chati uliyoipiga ukutani kwa afisa mifugo nimeisoma. Mwanga wa simu umefuta mstari wa ndigana kali, na msumari umetoboa palipoandikwa umri wa homa ya mapafu ya mbuzi. Mingine inasomeka. Tatizo ni kwamba chati inasema "kila mwaka" na "kila miezi 6" bila kutaja mwezi, kwa hiyo miezi nimeipanga mimi kwa kufuata mvua zenu na hesabu uliyonipa: ng'ombe 23 (wakubwa 17, ndama majike 4 na madume 2, wote wa miezi minne hadi mitano), mbuzi 41 wakiwemo vitoto 12 vya miezi miwili, na kondoo 9.

OKTOBA
Wiki ya pili: kimeta na chambavu, ng'ombe wakubwa 17. Ndama bado, chati inataka miezi 6. Siku hiyohiyo ndama majike 4 wapate chanjo ya ugonjwa wa kutupa mimba. Hii ni ya miezi 3 hadi 8 tu, mara moja maishani, na umri ukipita basi. Achome afisa mwenyewe akiwa na glavu. Ni chanjo hai na binadamu anaambukizwa. Mama mdogo na ujauzito wake asisogee zizini.

NOVEMBA
Mwanzoni, kabla mvua haijakolea: minyoo, wote. Albendazoli ya asilimia 10. Ng'ombe wa kilo 250 anywe mililita 19, ndama wa kilo 80 mililita 6. Mbuzi wa kilo 30 mililita 3, ila kondoo wa uzito uleule ni moja na nusu. Usishangae: mwili wa mbuzi huitoa dawa haraka, ndiyo maana akipewa dozi ya kondoo minyoo hubaki. Kitoto cha kilo 10, mililita 1. Jumla ni kama mililita 470, kwa hiyo chupa ya lita moja inatosha raundi mbili. Ruka jike yeyote aliyepandwa ndani ya mwezi na nusu. Maziwa myamwage kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa.
Katikati ya mwezi: ndigana kali, ndama 6, mara moja maishani. Huchomwa pamoja na oksitetrasaiklini, na hapa ndipo nilipokuna kichwa. Antibayotiki hiyo inaua chanjo hai za bakteria, ikiwemo ya kimeta. Ndiyo maana ile ya kutupa mimba nimeitanguliza mwezi mzima, na kimeta ya ndama nimeisogeza mbele.

DESEMBA
Katikati: mapele ngozi, ng'ombe 23; sotoka, mbuzi 41 na kondoo 9. Vitoto vitakuwa vimetimiza miezi minne. Sotoka inakinga miaka mitatu au zaidi, lakini kwa kuwa hakuna daftari la nyuma, tuchanje wote 50 na tuanze kuandika.

JANUARI
Kimeta na chambavu, ndama 6.

FEBRUARI
Minyoo, raundi ya pili, kwa chupa ileile. Miguu na midomo, 23. Irudiwe Machi kwa sababu ni mara yao ya kwanza, kisha Agosti. Dozi 69 kwa ujumla.

MEI
Mvua zikiisha: minyoo ya tatu. Badilisha iwe levamisoli, na mbuzi uwapime uzito kwanza kwa futi ya kifua, maana ikizidi inawadhuru. Chati inataka raundi ya nne, ambayo ingeangukia Agosti. Mimi nimeifuta: majani yamekauka, na dawa isiyo na kazi inafundisha minyoo kuizoea.

JUNI
Homa ya mapafu ya mbuzi, 41.

JULAI
Homa ya mapafu ya ng'ombe, 23. Ikishachanganywa na maji yake imalizwe ndani ya saa moja, ikae kwenye barafu, juani kamwe.

SEPTEMBA
Pumzika. Mbwa wawili wapelekwe chanjo ya kichaa.

Sasa chupa. Baadhi ya chanjo hizi huja chupa ya dozi 100, na wewe una ng'ombe 23. Ukinunua peke yako utamwaga dozi 77. Zungumza na jirani zako wa bondeni mchange, hasa ndigana kali: kijiti kimoja kikiyeyushwa kinahudumia ndama 40 hivi na hakirudishwi kwenye mtungi wa gesi ya kugandisha. Wakisogeza tarehe kwa wiki, sogea nao, ila usiukate ule mwezi kati ya chanjo ya kutupa mimba ya Oktoba na ndigana kali ya Novemba.

Kabla ya tarehe 5 Oktoba rudi ofisini upige tena ile mistari miwili, flashi ikiwa imezimwa.