Somo Yangu

Masika wa Kasese, Uganda, alikata simu, uso umechanua. Mvua ya Aprili ilikuwa imewafungia barazani kwa mwenzake, Majengo, Mombasa, tangu alasiri.

"Somo, mke wa kitinda mimba wangu kajifungua kule Kasese. Mtoto wa kike, wa pili."

"Alhamdulillahi! Na mvua hii! Basi huyo ni Masika, msimtafutie jina jingine."

"Hawezi. Dada yake ndiye Masika. Huyu ni Biira."

"Kwani dada yake naye alizaliwa mvua zikinyesha?"

"Mvua zinaingiaje hapo?"

Walitazamana. Walikuwa wakiitana somo tangu usichana wao, tangu Shirika la Reli la Afrika Mashariki halijavunjika mwaka 1977, mume wa Masika wa Kasese alipohamishiwa Mombasa na wao wakawa majirani. Jina ndilo lililowakutanisha. Hakuna aliyeona haja ya kumuuliza mwenzake amelipataje.

"Kwetu Wakonzo," alieleza, "jina ni zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Mvua za masika nimezijua hapa kwenu. Lakini sikudhani mtu anaweza kumpa mwanawe jina la mvua."

"Mimi nilizaliwa paa la makuti linavuja, mama kakingiwa turubai. Ndiyo Masika yangu. Tena mimi ni wa nne! Mbele yangu yupo Zaina na kaka zangu wawili."

Masika wa Kasese alishika shavu. "Wa nne? Somo, mimi miaka yote hii nakuhesabu wewe ndiye mkubwa wa nyumba yenu."

Hapo mambo yakaanza kujipanga. Kumbe ndiyo maana kila jambo la ukoo Masika wa Kasese alimuuliza mwenzake, "Umeamua nini?" Kumbe ndiyo maana mwenyewe, hata miezi ambayo mshahara wa reli ulichelewa, hakukosa kuwatumia wadogo zake karo. Masika wa Mombasa alikuwa akiona ni moyo wa kutoa tu. Ulikuwa moyo, ndiyo, lakini pia ilikuwa zamu yake, na aliibeba tangu siku ya kwanza bila kulalamika.

"Na matangani kwa mama," alisema taratibu, "ubani wa wake wote wa reli ulinikabidhi mimi. Mbele ya Zaina."

"Nilikukabidhi mkubwa."

"Zaina alininunia mpaka arubaini ikapita. Alidhani nimekutuma."

"Hukuniambia!"

"Ningekuambiaje? Nilijua umefanya kwa mapenzi."

Masika wa Kasese alijifunga leso vizuri, akaichukua tena simu. "Zaina bado yuko Likoni?"

"Yuko. Masikio mazito kidogo."

"Nitasema kwa sauti. Nitajie namba."