Kweli au Feki: Mchezo wa Nyumbani

Wachezaji ni wazazi na watoto kuanzia miaka 7. Mzazi mmoja ndiye mwonyeshaji. Aandae picha sita kwenye simu: tatu za kweli, mbili zilizochezewa, na moja ya kweli yenye maelezo ya uongo. Hiyo ya mwisho hunasa hata watu wazima, kwa hiyo asiiache.

Kila picha ionyeshwe kwa sekunde 30. Kila mmoja aandike "kweli" au "feki" bila kuchungulia karatasi ya mwenzake, kisha wote wafunue pamoja. Jibu sahihi ni pointi 1. Sababu unayoweza kuigusa kwa kidole kwenye picha inaongeza 2. "Nahisi tu" haina pointi.

Mtoto akikwama, mwulize: mwanga unatoka wapi, na vivuli vimelala upande gani? Hebu hesabu vidole. Bango lile la nyuma linasomeka? Aliye kwenye kioo amevaa shati lile lile?

Mfano wa kuanzia: mwaka 1917 wasichana wawili wa Cottingley, Uingereza, walipiga picha za vijitu vyenye mabawa. Vilikuwa vya karatasi, vimesimamishwa kwa pini za kofia! Watu wazima wengi waliamini.

Aliyekosea hachekwi. Mzazi akikosea aseme wazi, "Hapa nimedanganyika". Watoto wanahitaji sana kulisikia hilo. Picha ya ndugu au rafiki isichezewe bila ruhusa yake.

Atakayetangulia kufikisha pointi 10 atakuwa mwonyeshaji wa kesho.