YAH: NG'OMBE KUTUPA MIMBA MARA KWA MARA

Kwa Afisa Mifugo,

Shikamoo daktari. Nina ng'ombe sita wa maziwa, na tangu mwaka jana wanne wametupa mimba. Wa kwanza nilidhani ameteleza. Wa pili na wa tatu walitupa mimba ikiwa na miezi saba hivi, bila dalili yoyote kabla. Walikuwa wanakula na kucheua kama kawaida. Juzi ikawa zamu ya mtamba niliyemnunua mnadani, mimba yake ya kwanza. Kondo la nyuma limekwama mpaka leo, linaning'inia na kunuka, na goti la mbele limevimba.

Wote walipandwa na dume mmoja wa kuazima, anayezunguka kwa wafugaji wengi hapa. Hawajawahi kuchanjwa. Majirani wanasema ni kijicho. Mimi nahofia bruselosisi.

Naomba uje uchukue damu ya ng'ombe wote, hata wale wawili wasio na shida, pamoja na maziwa. Ndama aliyetupwa nimemfunika kwa turubai mbali na mbwa, nikitumia glavu. Kama atafaa kwa vipimo njoo upesi, kabla hajaoza. Kama hafai, nielekeze nimzike vipi.

Maziwa nimeacha kuuza. Mwanangu anayekamua ana homa inayokuja na kuondoka, na viungo vinamuuma. Nimemtuma zahanati, ila ningependa nawe ulijue hilo.

Wako,
Mama Rehema, mfugaji