Mpango wa Video Fupi za Ramadhani: Siku 30, Mada 30

Kwa wanakamati wenzangu wa vijana wa msikiti, Mji Mkongwe,

Assalaam alaykum. Kama tulivyokubaliana, kila siku baada ya sala ya Alasiri itatoka video moja isiyozidi sekunde 90. Siku ya 1 ni nia na daku. Zinazofuata hadi ya 10 zitahusu rehema kwa wazazi, jirani, mgonjwa na yatima.

Kumi la pili ni la toba na kuchunga ulimi, isipokuwa siku ya 17, ambapo tutasimulia vita vya Badri vya mwaka wa 2 Hijria. Hapo namwomba Maalimu azungumze mwenyewe, kwa kuwa historia hii haifai kuharakishwa.

Kumi la mwisho ndilo zito: itikafu, Laylatul Qadri katika mausiku ya witiri, na zakatul fitri, ambayo naomba itajwe mapema, siku ya 25, ili pishi ya chakula imfikie maskini kabla ya sala ya Idi.

Video 20 zirekodiwe mwezi wa Shaabani. Ile ya 30, ya shukrani na takbira, iwe tayari siku ya 29, endapo mwezi utaandama.