YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA, UJENZI WA MADARASA MANNE, IFAKARA

5 Mei 2025

Mhandisi Msimamizi,

Mvua za masika zimetusimamisha siku 23: Machi siku 9, Aprili siku 14. Shajara ya saiti, yenye saini ya mwakilishi wako, imeambatishwa. Siku za manyunyu tulifanya kazi, hizo hatuzidai. Madarasa matatu yamefika kwenye lenta, ila mitaro ya msingi wa darasa la nne ilijaa maji hadi kingo zikaporomoka, na malori ya kokoto yalikwama njiani.

Tunaomba tarehe ya kukamilisha isogezwe kutoka 31 Mei hadi 23 Juni 2025, bila tozo ya ucheleweshaji. Nyongeza ya fedha hatuombi. Zege la msingi tutamwaga Alhamisi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Meneja wa Mradi,
kwa niaba ya Mkandarasi